Video ya kumwelekeza kijana anayepiga kura kwa mara ya kwanza: namna ya kuiandaa kwa uwazi na bila kuegemea upande

Katiba ya Kenya imeweka Uchaguzi Mkuu katika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo uchaguzi ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Vijana waliokuwa na umri wa kati ya miaka 13 na 17 wakati wa uchaguzi wa Agosti 2022 watakuwa wametimiza umri wa kupiga kura, na wengi wao hawajawahi kuingia katika kituo cha kura. Vikundi vya vijana vya parokia nyingi vinaweza kuwaandalia video fupi kwa simu ya mkononi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuiandaa ili kijana akiisha kuitazama ajue la kufanya, na ili asiweze kutambua aliyeiandaa anampendelea nani.

Tunashikilia wazo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kutoegemea upande hakupatikani kwa kusema mara nyingi kwamba hatuegemei upande. Kunapatikana katika vitu vinavyoonekana: rangi ya shati, tunda lililochorwa kwenye karatasi ya mfano, kidole kilichoinuliwa. Uwazi nao hutokana na kuonyesha matendo kwa mpangilio wake, tendo moja baada ya jingine.

Video mbili, wala si moja

Kosa la kwanza la watengenezaji wengi ni kuweka kujiandikisha na kupiga kura katika video moja. Mambo haya mawili hutenganishwa na miezi mingi. Anayetazama maelezo ya sanduku la kura mwaka mmoja kabla ya uchaguzi atayasahau, na anayeelezwa kujiandikisha daftari likiwa limefungwa hapati faida. Tunashauri video ya kujiandikisha itoke mapema, na ile ya kupiga kura itoke katika majuma machache ya mwisho. Kila moja iwe ya sekunde 90 hivi.

Katika video ya kwanza ukweli unaovurugwa mara nyingi ni ule wa umri. Husemwa kwamba kila atakayekuwa na miaka 18 siku ya uchaguzi atapiga kura. Nchini Kenya sivyo. Kijana anatakiwa awe ametimiza miaka 18, awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya, na awe ameandikishwa kabla daftari halijafungwa. Anayetimiza miaka 18 siku chache tu kabla ya uchaguzi hupata kitambulisho akiwa amechelewa. Kwa hiyo maelezo ya video yaanze na kitambulisho, kwa sababu huko ndiko vijana wengi wanakokwama.

Tanzania sheria ni tofauti: raia ambaye atatimiza miaka 18 kufikia siku ya uchaguzi mkuu huruhusiwa kujiandikisha mapema, na hupewa kadi ya mpiga kura. Kenya haitoi kadi ya namna hiyo. Kinachotumika siku ya kura ni kitambulisho au pasipoti. Tunalitaja jambo hili kwa sababu video ya Kiswahili haina mpaka. Iliyotengenezwa Kajiado huweza kufika Arusha jioni ileile kupitia simu. Neno «Kenya» liandikwe kwenye picha ya kwanza na litamkwe katika sentensi ya kwanza.

Mfano: video ya kujiandikisha, hatua kwa hatua

Msomaji wa Kiswahili akisoma kwa utulivu hutamka maneno yapatayo 100 kwa dakika. Sekunde 90 basi zinabeba maneno 150 hivi, wala si zaidi. Tulipoyapanga mambo ya lazima tuliona kwamba yanatosha katika picha sita.

Picha ya kwanza ni maandishi matupu: «Kenya: kujiandikisha kuwa mpiga kura». Sauti inasema: «Video hii ni ya raia wa Kenya. Inaonyesha jinsi ya kujiandikisha.»

Picha ya pili ni mkono unaoweka kitambulisho cha mfano juu ya meza. «Ukiwa umetimiza miaka 18, chukua kitambulisho chako cha taifa, au pasipoti yako ya Kenya ambayo muda wake haujaisha. Nakala haitoshi. Picha iliyo kwenye simu haitoshi.»

Picha ya tatu ni kijana akiingia ofisini. «Nenda kwenye ofisi ya Tume ya Uchaguzi, IEBC, katika eneo bunge, au mahali pengine ambapo Tume imetangaza kwamba inaandikisha. Chagua kituo ambacho utaweza kukifikia siku ya kura.»

Picha ya nne ni kijana akiwa mbele ya karani. «Karani ataandika habari zako, atachukua alama za vidole vyako na kukupiga picha. Kabla ya kuondoka, soma jina lako na namba ya kitambulisho. Ukiona kosa, mwambie papo hapo.»

Picha ya tano ni karatasi ndogo ikitiwa ndani ya bahasha. «Utapewa karatasi ya kuthibitisha. Itunze. Siku ya kura utakuja na kitambulisho kilekile, au pasipoti ileile, uliyojiandikishia.»

Picha ya sita inarudia kwa maandishi: kitambulisho, ofisi, kusoma jina. «Kujiandikisha hakulipiwi.»

Maneno ya picha ya tatu kuhusu kituo yanastahili sekunde zake, kwa sababu ndipo kura nyingi za vijana zinapopotelea. Tuchukue mfano wa msichana wa Bungoma anayesoma chuo jijini Nairobi. Maafisa wanafika chuoni mwezi wa Machi, naye anajiandikisha hapo kwa kuwa ni karibu. Mwezi wa Agosti chuo kimefungwa na yeye yuko nyumbani. Kituo chake kiko Nairobi, na hawezi kupigia kura Bungoma, kwani mpiga kura hupiga kura katika kituo alichoandikishwa peke yake. Nauli ya kwenda na kurudi inamfanya abaki nyumbani. Swali ambalo video inapaswa kumwachia ni hili: «Jumanne hiyo ya Agosti utakuwa wapi?» Aliyekwisha kujiandikisha mahali pasipomfaa huomba kuhamishiwa kituo kingine usajili ungali wazi. Asijiandikishe mara ya pili, kwa maana kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai.

Kitambulisho cha mfano kichorwe na kikundi chenyewe kwenye karatasi ngumu, bila jina wala namba ya mtu yeyote. Kitambulisho halisi kikionekana kwa sekunde mbili tu, mtu anaweza kusimamisha picha na kuisoma namba yake.

Video ya kupiga kura: karatasi sita na kosa linaloepukika

Siku ya Uchaguzi Mkuu mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mbunge, ya Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti, na ya Mwakilishi wa Wadi. Kila moja ina rangi yake, na kila sanduku lina kifuniko cha rangi inayolingana nayo. Mwaka 2022 karatasi ya Rais ilikuwa nyeupe, ya Gavana buluu, ya Seneta njano, ya Mbunge kijani, ya Mwakilishi wa Wanawake zambarau, na ya Mwakilishi wa Wadi rangi ya maziwa yenye ukahawia kidogo. Kabla ya kurekodi, kikundi kithibitishe rangi za mwaka huu kwa tangazo la Tume, kisirudie za zamani kwa mazoea.

Mpangilio wa matendo ni mfupi. Mpiga kura anasimama kwenye foleni, anaonyesha kitambulisho, anaweka kidole kwenye kifaa cha KIEMS ili atambuliwe. Alama zisiposomeka asiondoke: karani humtafuta kwa namba ya kitambulisho. Anapewa karatasi sita, anaingia peke yake penye kizuizi, anatia alama moja katika kila karatasi, anazikunja, anatumbukiza kila moja katika sanduku lake, na kidole chake kinatiwa wino usiofutika.

Katika uchaguzi wa Rais wa 2022 zilikataliwa kura 113,614 kati ya kura zaidi ya milioni 14 zilizopigwa. Kwa asilimia ni chache, hazifiki hata moja kwa mia. Hata hivyo kila moja ni ya mtu aliyeamka alfajiri na kusimama foleni, na sababu kadhaa za kukataliwa zinaonyeshwa kwa urahisi kwenye picha. Kura haihesabiwi ikiwa imewekewa alama kwa wagombea wawili wa nafasi moja, ikiwa haina alama yoyote, ikiwa alama haionyeshi wazi ni nani aliyekusudiwa, au ikiwa mpiga kura ameandika jina lake au kitu kingine cha kumtambulisha. Video ionyeshe karatasi nne za mfano zenye makosa hayo manne, moja moja, kila moja kwa sekunde tatu, kisha karatasi moja iliyo sawa kwa sekunde sita. Karatasi iliyo sawa ije mwisho, kwa kuwa ndiyo picha itakayobaki kichwani.

Hapa tahadhari inahitajika. Video zingine huwatisha vijana kwa kusema kwamba alama ikigusa tu mstari wa kisanduku, kura imeharibika. Kanuni za uchaguzi hazisemi hivyo. Alama iliyotoka nje ya mahali pake haiiharibu kura kwa sababu hiyo pekee, maadamu nia ya mpiga kura ni wazi na hajajitambulisha. Tena, aliyekosea bila kukusudia, na bado hajatumbukiza karatasi sandukuni, anaweza kuirudisha kwa msimamizi wa kituo na kupewa nyingine. Sentensi hiyo moja inamwondolea kijana hofu kubwa, nayo husahaulika katika video nyingi.

Mambo mengine mawili yapewe sentensi moja moja. Asiyeweza kutia alama mwenyewe, kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma, ana haki ya kusaidiwa na mtu mzima anayemchagua. Na aliyekwisha kuwa kwenye foleni wakati wa kufunga kituo ana haki ya kupiga kura.

Kuhusu saa za kituo, maandishi yawe mawili pamoja. Vituo kwa kawaida hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Kijana wa mjini aliyezoea kusoma saa kwenye simu akiona «saa 11» peke yake aweza kufikiri ni usiku. Iandikwe «saa 11 jioni (17:00)».

Vitu vinavyotaja upande bila kusema neno

Tunafika mahali ambapo video nyingi zilizotengenezwa kwa nia njema huharibika. Kwa kuwa karatasi ya mfano lazima iwe na wagombea, mtengenezaji huweka picha za matunda au wanyama akidhani kwamba hazina ubaya. Katika historia ya Kenya tunda si tunda tu. Katika kura ya maoni ya mwaka 2005 alama ya waliounga mkono katiba iliyopendekezwa ilikuwa ndizi, na ya waliopinga ilikuwa chungwa. Chama cha ODM kilitokana na upande huo wa chungwa na hata leo kinalitumia. Jogoo ni wa KANU, simba ni wa FORD-Kenya, mwavuli ni wa Wiper, wilibaro ni ya UDA. Vyama vilivyosajiliwa ni vingi, na karibu kila chombo cha nyumbani kimekwisha kuchukuliwa na chama fulani. Njia salama ni maumbo matupu: pembetatu, mraba, duara, pamoja na maneno «Mgombea wa kwanza», «Mgombea wa pili», «Mgombea wa tatu». Majina ya watu yaachwe kabisa, kwa maana jina la Kikenya mara nyingi hutaja na kabila.

Mahali pa alama napo panasema. Ikiwa katika karatasi zote sita mkono unatia alama kwa mgombea wa kwanza, mtazamaji hufundishwa bila kujua kwamba nafasi ya juu ndiyo sahihi. Alama zibadilishwe: ya juu, ya katikati, ya chini. Juu ya kila karatasi liandikwe neno MFANO kwa herufi kubwa, ili mtu asije akaikata picha hiyo na kuisambaza kama karatasi halisi iliyokwisha kutiwa alama.

Rangi za mavazi ziangaliwe kabla ya kurekodi, si baadaye. Mavazi ya kijivu au ya buluu iliyokolea hayana matata mengi kama ya njano, ya machungwa au ya kijani kibichi. Rangi za karatasi za kura haziwezi kuepukwa, kwa hiyo zote sita zionekane pamoja na kwa muda ulio sawa, hata kama mojawapo inafanana na rangi ya chama.

Kidole chenye wino ndicho picha ambayo kila mtu hupenda kumalizia. Wazee watakumbuka kwamba katika siasa za miaka ya 1990 kidole kimoja juu kilikuwa ishara ya KANU, na vidole viwili vilikuwa vya waliodai vyama vingi. Kidole kionyeshwe kikiwa kimelala juu ya meza, kiganja kikiwa wazi.

Mwisho ni sauti inayosoma. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa inawazuia makleri wasishiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa pale ambapo mamlaka ya Kanisa inaona kwamba kulinda haki za Kanisa au kuendeleza manufaa ya wote kunahitaji hivyo. Padre akisoma maelezo ya kituo cha kura havunji kanuni hiyo, lakini mtazamaji asiye mwamini anaweza kuiona video yote kuwa sauti ya madhehebu. Kijana wa kawaida asiyeshika wadhifa katika chama chochote, wala si jamaa wa mgombea, anafaa zaidi. Na gharama zikilipwa na mgombea, hata kama ni mikate ya waigizaji tu, video hiyo imekwisha kuwa yake.

Kurekodi kwa vifaa vichache

Ukumbi wa parokia unatosha kuwa kituo cha mfano: meza mbili, maboksi sita yenye vifuniko vya karatasi za rangi, na kadibodi iliyosimamishwa kuwa kizuizi. Kituo halisi siku ya kura si mahali pa kurekodi, kwa sababu kura ni siri.

Kinachoharibu video za ukumbini ni mwangwi kuliko picha. Sauti ya msimulizi irekodiwe peke yake, katika chumba kidogo chenye mapazia au nguo zilizotundikwa, simu ikiwa umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Picha zirekodiwe simu ikiwa wima, kwa kuwa vijana wengi watatazama hivyo, na maandishi yasizidi mistari miwili kwa wakati mmoja. Wengi watatazama bila sauti, wakiwa ndani ya matatu. Basi kila tendo la lazima liwe katika maandishi pia. Panapopatikana mkalimani wa lugha ya ishara, atengewe pembe moja ya picha tangu mwanzo, isije ikafunika maandishi.

Faili ikiandaliwa kwa megabiti 1.2 kwa sekunde, video ya sekunde 90 itakuwa na megabaiti 13 na nusu hivi. Kiasi hicho hutumwa kwa WhatsApp bila shida, na hakimmalizii kijana bando lake.

Kuipima kabla ya kuituma

Vijana watano ambao hawakushiriki kuitengeneza waitazame mara moja tu. Kisha wasiulizwe kama wameipenda. Wote watasema ndiyo. Waulizwe: «Utabeba nini? Utaenda wapi? Ukikosea karatasi utafanya nini?» Wawili kati ya watano wakishindwa kujibu swali lilelile, tatizo limo katika picha hiyo, na irekodiwe upya. Maneno zaidi hayataiponya. Mara nyingi yaliyopo yanatakiwa yapunguzwe.

Baadaye watu wawili wanaojulikana kuunga mkono pande mbili tofauti waitazame kila mmoja peke yake, na kila mmoja aulizwe: «Aliyetengeneza hii anamtaka nani?» Mmoja akitaja jina, asibishiwe. Aulizwe ameona nini. Ataonyesha kofia iliyotundikwa ukutani au bango lililo nyuma ya dirisha, kitu ambacho mtengenezaji hakukiona kwa kuwa amekizoea.

Mwishoni, picha ya kufungia iwe na mwezi na mwaka video ilipotengenezwa, na maneno haya: «Kwa mabadiliko yoyote, fuata matangazo ya IEBC.» Namba za ujumbe mfupi za kuthibitisha usajili, tarehe za kufunga daftari na rangi za karatasi huweza kubadilika, na video iliyokwisha kusambazwa hairudishwi. Mambo hayo yawekwe katika picha moja ya mwisho inayoweza kukatwa na kubadilishwa, wala yasichanganywe katika masimulizi. Usajili ukifungwa, video ya kwanza iondolewe mahali pote kikundi kilipoiweka, na nafasi yake ichukuliwe na ile ya pili.